Duka la leso mtandaoni: kazi hupimwa siku ya kukabidhi

Anayeingia duka la leso katika Barabara ya Biashara, Mombasa, haanzi kwa kuuliza bei. Huuliza jina. Leso ina pindo linalozunguka kitambaa, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji, na mara nyingi jina ndilo linalouza. Kuna anayetaka leso ya kumwambia jirani neno asiloweza kulitamka, na kuna anayetafuta ya kumtunza mama yake. Siku hizi maswali hayo hayaulizwi dukani peke yake. Yanaingia kwa simu kutoka Nairobi, Malindi, Muscat na Dubai: nitumie picha, jina lasemaje, ipo ya zambarau, nilipe vipi? Mwenye duka anapiga picha, anatuma, anasubiri, na kesho yake mteja mwingine anauliza yale yale kuhusu leso ile ile.

Kwa biashara ya namna hii duka la mtandaoni lina maana, kwa kuwa kila doti inapigwa picha mara moja, inaandikwa mara moja, na mteja anajitafutia. Ila maduka mengi niliyoyaona yakifunguliwa hivi yalidorora ndani ya miezi michache, na sababu haikuwa sura ya tovuti. Leso mpya zilifika dukani na hakuna aliyejua kuzipandisha. Au pesa ziliingia na hakuna aliyejua ni za oda ipi. Fundi alikuwa amekwishaondoka.

Kwa hiyo nitaifuata kazi hii hatua kwa hatua nikiitazama kutoka mwisho wake, siku ambayo fundi anainuka kwenye kiti na mwenye duka anabaki peke yake na simu yake. Tuchukue duka dogo lenye majina 150 ya leso, linaloendeshwa na mama mmoja akisaidiwa na binti wa dada yake, na kijana fundi aliyepewa kazi ya kulipeleka mtandaoni.

Programu ya kujengea ndiyo hutangulia, na hapo sitakaa sana. Shopify ya Kanada ni nyepesi kuendesha, lakini hutoza ada kila mwezi, na huduma yake yenyewe ya kupokea malipo haipatikani Kenya, kwa hiyo bado utahitaji kampuni nyingine ya malipo pembeni. WooCommerce hupachikwa juu ya WordPress na yenyewe ni ya bure. Gharama hubaki kwenye jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi, ambazo hulipiwa kwa kawaida kila mwaka. Kwa duka la leso lenye mapato yanayopanda kabla ya Idi na kushuka baada yake, ada ya mwaka inabebeka kuliko ya kila mwezi. Fundi wetu anachagua WooCommerce.

Kupandisha bidhaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mafundi wengi hukosea kwa kuifanya yote wenyewe.

Picha kwanza. Leso moja inahitaji picha tatu: imetandazwa yote ili mji uonekane, jina likiwa karibu kiasi cha kusomeka bila kukuza, na pembe moja ikionyesha pindo. Mahali pazuri ni barazani asubuhi, kivulini, bila mwanga wa kamera. Jua kali hufubaza nyekundu na taa za ndani hugeuza nyeupe kuwa manjano, na rangi ikidanganya, mteja wa mbali atairudisha leso au hatanunua tena. Picha ya simu huweza kufika megabaiti tatu au nne. Ikipandishwa hivyo hivyo, ukurasa wenye leso 20 utammaliza mteja bando kabla hajaona kitu. Ipunguzwe upana hadi pikseli 1000 hivi, na uzito wake ushuke chini ya kilobaiti 200. Programu ndogo za kupunguza picha zipo tele kwenye simu, na binti wa duka anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa amekaa nyuma ya kaunta.

Kisha orodha. WooCommerce hupokea bidhaa nyingi kwa mpigo kupitia faili ya jedwali iliyohifadhiwa kama CSV, ambamo kila mstari ni leso moja na nguzo hutenganishwa kwa mkato:

```
Type,SKU,Name,Regular price,Stock,Categories
simple,LS-014,"Mgeni njoo, mwenyeji apone",1200,3,Leso > Salamu
simple,LS-015,Wema hauozi,1200,2,Leso > Nasaha
```

Angalia mstari wa LS-014. Jina lake lina mkato ndani, kama yalivyo majina mengi ya leso, kwa hiyo limefungwa kwa alama za kunukuu. Bila alama hizo kompyuta ingeukata msemo vipande viwili: "Mgeni njoo" ingebaki kuwa jina, na "mwenyeji apone" ingeangukia kwenye nguzo ya bei. Bei nayo imeandikwa 1200 bila mkato. Mtu akiandika faili kwa mkono na kuweka 1,200, nguzo ya bei itachukua 1 na nguzo ya stoo itachukua 200. Duka litatangaza leso kwa shilingi moja na kudai zipo doti mia mbili. Kosa hilo halitoi onyo lolote, kwa sababu kwa kompyuta shilingi moja ni bei kama bei nyingine. Dawa yake ni kupandisha leso tano tu kwanza, kufungua duka kwa simu kama mteja, na kuzisoma moja moja kabla ya kuzileta zilizobaki.

Msimbo wa bidhaa, ule wa nguzo ya `SKU`, uanze kwa herufi. Ukiandika 014 peke yake, programu ya majedwali huiona kuwa namba na kufuta sifuri ya mbele. Ukija kuipandisha orodha tena ili kubadilisha bei, leso 14 na leso 014 huwa bidhaa mbili tofauti. LS-014 haifutwi kitu. Msimbo huo huo uandikwe kwa kalamu kwenye kikaratasi na kubandikwa kwenye rafu, kwa sababu oda itakapoingia, atakayeitafuta leso ni binti wa duka.

Lipo suala la rangi ambalo mafundi hawakubaliani. Jina moja la leso likija kwa rangi tatu, WooCommerce inaruhusu kuifanya bidhaa moja yenye machaguo matatu. Ni nadhifu, lakini kwa duka hili naona si sawa. Rangi hubadilisha sura yote ya leso, mteja anataka kuiona kabla ya kuigusa, na kuunda machaguo ni hatua ngumu kwa mtu anayejifunza. Afadhali kila rangi iwe bidhaa yake, yenye picha zake na stoo yake. Orodha itarefuka, ila mama ataweza kuiendesha.

Na stoo. Leso za jina moja huja chache, zikiisha huenda zisirudi. Duka lina doti sita za "Mgeni njoo", na wateja wa kaunta hawasubiri mtu asahihishe tovuti. Ukiandika sita mtandaoni, siku moja utauza doti iliyokwisha kutoka mlangoni. Njia rahisi ni kutenga: tatu ziwekwe kwenye kasha la mtandaoni na ziandikwe tatu, tatu zibaki rafuni. Kasha likibaki na moja, mama anaamua kama atajaza au ataiacha iishe.

Fundi wetu anafanya jambo la busara. Anapandisha leso 50 kwa faili, anaonyesha jinsi ilivyokuwa, kisha anamwachia binti leso 100 aziingize kwa mkono wake, kumi kumi kila siku, yeye akiwa bado kwenye kazi. Inachelewesha ufunguzi kwa wiki mbili. Lakini siku ya makabidhiano binti atakuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo mara mia.

Pesa ziingie wapi

Duka tayari lina nambari ya Till ya Lipa na M-Pesa, ile iliyobandikwa ukutani. Njia ya kwanza ya malipo inaweza kuwa hiyo hiyo, bila ufundi wowote: mteja anaweka oda, anaonyeshwa nambari ya Till, analipa kwa simu yake, na mama anathibitisha. WooCommerce ina njia ya malipo ya benki iitwayo `Direct bank transfer`. Fundi hubadilisha maneno yake, akaandika maelekezo ya Till badala ya akaunti ya benki. Uzuri wake ni kwamba oda ikiwekwa kwa njia hiyo hukaa `On hold`: doti inatolewa kwenye stoo na oda haifutwi hadi mwenye duka aamue. Kwa duka linaloanza, lenye oda mbili tatu kwa siku, njia hii inatosha.

Hatari yake inajulikana na kila mfanyabiashara wa Mombasa. Mteja hutuma picha ya ujumbe wa M-Pesa uliotengenezwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: leso haitoki kwa picha wala kwa ujumbe uliopitishwa na mteja. Mama afungue kumbukumbu za Till yake mwenyewe, kwenye programu ya M-PESA for Business au kwenye ujumbe uliomjia yeye, alinganishe msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi, kiasi na muda, na ndipo aiguse oda.

Oda zikizidi, kulinganisha kwa macho kunachosha. Hapo inafaa njia ya pili: mteja anabofya kulipa, ombi linaruka kwenye simu yake, anaweka nambari yake ya siri, na oda inajisahihisha yenyewe. Mafundi huliita STK, na hupitia mfumo wa Safaricom uitwao Daraja. Majaribio hufanyika kwenye uwanja wa mazoezi usio na pesa halisi, kisha huombwa ruhusa ya kuingia kazini. Maombi hayo hudai jina la mtumiaji wa msimamizi wa Till, na msimbo wa uthibitisho hutumwa kwenye simu ya msimamizi huyo. Hapa mwenye duka asiwe mpole. Fundi akisema, "Mama, tuweke namba yangu tu ili iende haraka," jibu ni hapana. Msimamizi wa Till ndiye mwenye mamlaka juu ya pesa, na lazima awe mama mwenyewe, kwa laini yake.

Yako mambo mawili yanayowakwamisha mafundi mahali hapa. Moja ni kwamba Till ina nambari mbili: ile ya Till anayoiona mteja, na ile ya makao ya biashara iliyo nyuma yake. Kwenye Daraja ya makao huingia kwenye `BusinessShortCode`, ya Till huingia kwenye `PartyB`, na aina ya muamala ni `CustomerBuyGoodsOnline`. Zikibadilishana nafasi, ombi hukataliwa na fundi hutumia siku nzima akitafuta kosa lisilokuwepo kwenye tovuti. La pili ni nambari ya simu ya mteja. Daraja hutaka 254 mbele, na mteja huandika 07 kama alivyozoea. Programu-jalizi nzuri hubadilisha yenyewe, lakini hakikisha inazikubali pia laini zinazoanza na 01, kwani programu-jalizi za zamani huzikataa.

Baada ya mteja kulipa, Safaricom hurudisha jibu kwenye anwani ya siri ya tovuti. Jibu likija na `0`, pesa zimeingia. `1032` ina maana mteja amekatiza mwenyewe, na `1037` ina maana simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Tatizo kubwa ni jibu lisipofika kabisa, kwa mfano ulinzi wa tovuti ukilizuia mlangoni. Pesa zimo kwenye Till, lakini oda inabaki `Pending payment`. WooCommerce isipobadilishwa hushikilia oda ya namna hiyo kwa dakika 60, kisha huifuta na kurudisha doti kwenye stoo. Mteja amelipa, oda yake imefutwa, na leso yake inaweza kuuzwa kwa mwingine. Dalili mama anaweza kuiona bila kujua ufundi wowote: ujumbe wa pesa upo, oda imeandikwa `Cancelled`, na kiasi ni kile kile. Akiona hivyo hata mara moja, ampigie fundi siku hiyo hiyo, na mpaka irekebishwe arudi kwenye njia ya kwanza.

Wateja wa Muscat na Dubai wengi hulipa kwa kadi. Kwa hao huhitajika kampuni ya kati, kama Pesapal au DPO, inayokusanya malipo ya kadi na kuyapeleka benki ya mwenye duka baada ya kukata asilimia yake. Usajili hutaka nyaraka za biashara na huchukua muda, hivyo maombi yapelekwe mapema, wakati picha bado zinapigwa. Gharama ya kutuma nayo ijulikane kabla ya kufungua. Fundi huweka kanda tatu, Mombasa, Kenya nyingine na nje, na katika kila moja huandika bei ambayo mama ameiuliza kwa mchukuzi wake baada ya kupima doti kwenye mizani. Bei ya kubuni hula faida ya leso.

Jaribio la mwisho ni la pesa halisi. Iundwe bidhaa ya shilingi 10, na watu watatu wainunue: mmoja alipe vizuri, mmoja akatize, mmoja azime simu. Mama awe ndiye anayetazama oda zikiingia na kusema kila moja imekuwaje.

Siku ya kukabidhi, na ile inayofuata

Mafundi wengi hukabidhi kwa kuongea. Hukaa mbele ya kompyuta, hubofya upesi upesi, na mwenye duka huitikia kwa kichwa. Jioni hakumbuki kitu. Kukabidhi kunakofaa ni fundi kuweka mikono mapajani na mwenye duka kubofya, kwa simu yake, si kwa kompyuta ya fundi, kwa kuwa simu ndiyo atakayokuwa nayo.

Katika kikao cha kwanza mama na binti wapandishe leso mpya tangu picha hadi ionekane dukani, wabadilishe bei, na waifiche leso iliyokwisha. Wapokee oda, waithibitishe kwenye Till, waifunge, waandike `Completed`. Kisha pesa za kurudisha, ambazo huchanganya wengi. Kitufe cha kurudisha pesa kikiwa na neno `manually`, hakitumi hata shilingi. Huandika tu kwenye daftari la duka kwamba pesa zimerudi. Pesa zenyewe mama lazima azitume kwa mkono. Asipoelezwa hivyo, mteja atadai hajalipwa na mama ataapa amelipa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Kikao cha pili kifanyike wiki moja baadaye, si siku ile ile. Kwa wiki hiyo maswali halisi yatakuwa yamejitokeza. Tuseme binti anauliza, "Mbona oda ya jana sikuiona hadi leo?" Fundi anagundua barua pepe za duka zinaangukia kwenye taka, anazipitishia huduma nyingine ya kutuma barua, na anaweka programu ya WooCommerce kwenye simu iwe inalia oda ikiingia. Jambo hilo lisingeonekana siku ya kwanza.

Ndipo zinakuja funguo. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.ke, lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye duka. Nimeona watu wakipoteza anwani ambayo wateja wao walikwishaizoea, kwa sababu ilisajiliwa kwa jina la fundi na fundi akahama mji. Nafasi ya kuhifadhi tovuti vile vile. Ndani ya WordPress mama awe na akaunti ya `Administrator`, binti awe na ya `Shop manager`, ambayo inatosha kwa oda na bidhaa na haimruhusu kuivunja tovuti kwa bahati mbaya. Nywila zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Ziandikwe kwenye karatasi moja pamoja na tarehe ya kulipia jina na nafasi, zikae mahali mama anapoweka leseni ya biashara. Nakala ya tovuti ihifadhiwe nje ya ile nafasi yenyewe, na fundi aonyeshe mara moja, kwa vitendo, jinsi inavyorudishwa.

Malipo ya fundi yagawanywe kufuata kazi hiyo: sehemu mwanzoni, sehemu duka likifunguka, na sehemu ya mwisho baada ya kikao cha pili. Fundi mwema hatakataa, kwa sababu anajua kikao hicho kitampunguzia simu za usiku.

Kwa hiyo, mwenye duka, siku hiyo ya mwisho ikifika, mwombe fundi afute akaunti yake mbele yako, au aache moja tu mliyokubaliana kwa maandishi. Kisha chukua leso ambayo haijawahi kuwekwa, ipige picha, ipandishe bila yeye kugusa simu yako, na umpe jirani aitafute kwa jina lake na kuilipia. Oda ikikufikia na pesa zikionekana kwenye Till yako, mlipe kilichobaki. Zisipoonekana, kazi haijaisha, naye arudi akae.